Maoni Yetu: Skanini na wanaotoka

Siku hizi ukienda harusini Dar es Salaam, kadi yako inaskaniwa getini. Mashine inalia pii, kijana wa getini anaona kama kadi yako ni singo au dabo, unaingia. Ukitoka saa tatu usiku au saa saba hakuna anayejali. Kamati inachotaka kujua ni sahani ngapi zimekwenda na kama kuna mtu ameingia kwa kadi ya jirani. Kwa kazi hiyo, kuskani mara moja kunatosha kabisa.

Tatizo ni kwamba waandaaji wa mikutano ya kitaaluma wamechukua utaratibu huohuo wa getini kwa harusi, wakaupeleka kwenye mlango wa ukumbi wa mada, halafu wanatuambia wamepata mahudhurio. Hawajapata. Walichopata ni orodha ya beji zilizopita mlangoni. Mwenye beji alikaa dakika 80 au alisalimia watu watatu akageuka, mashine haijui, kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

Na hapa hatuzungumzii sahani ya pilau. Mhasibu, wakili, daktari, muuguzi na mhandisi wanahitaji pointi za mafunzo endelevu, zile ambazo wengi tunaziita sipidii, ili kuhuisha leseni zao. Pointi hizo zinahesabiwa kwa saa. Saa hizo maana yake ni kwamba mtu alikaa kitini akasikiliza, kwa mfano, namna mpya ya kumpa dawa mgonjwa wa kisukari. Ukimwandikia saa ambazo hakukaa, anayedanganywa ni yule mgonjwa.

Tuchukue kikao kimoja tukiangalie kwa karibu. Kipindi kinaanza saa 4:00 asubuhi hadi saa 5:30, dakika 90. Beji namba 318 inaskaniwa ikiingia saa 4:06. Mwenyewe anakaa dakika tisa, simu inatetemeka, anatoka saa 4:15. Anarudi saa 5:21, mwasilishaji akiwa kwenye maswali ya mwisho, anaingia, anatoka na wenzake saa 5:30. Ukiskani wanaoingia tu, huyu ni mhudhuriaji kamili, na pengine mfumo ukimwona ameingia mara mbili utamwona ana bidii. Ukiskani na kutoka, ana dakika tisa za mwanzo na tisa za mwisho. Dakika 18 kati ya 90.

Sasa beji namba 742. Ameingia saa 4:02, ametoka saa 4:40 kwa sababu mtoto ameugua nyumbani, amerudi saa 4:52, akakaa hadi 5:29. Dakika 38 na dakika 37, jumla 75. Mkisema mapema kwamba anayekaa dakika 70 kati ya 90 anapata pointi zake zote, mama huyu anazipata bila kumbembeleza mtu. Kwenye orodha ya kuingia peke yake, huyu na yule wa 318 wanalingana. Hapo ndipo watu waaminifu wanapochoka. Mwaka unaofuata na wao wanatoka ukumbini kwenda kununua vinyago.

Dawa yenyewe kila mwandaaji anaijua. Weka skana upande wa kutoka, ukokotoe dakika. Ukiwauliza kwa nini hawafanyi, wana majibu matatu, na majibu hayo tumeyasikia miaka yote.

La kwanza ni foleni. Hili lina ukweli ndani yake, kwa hiyo tulifanyie hesabu badala ya kulilalamikia. Ukumbi una viti 600. Mlangoni pana wahudumu wawili wenye simu za kuskania. Kila mshiriki anachukua kama sekunde nne: anaigeuza beji, kamera inatafuta QR, inalia, anapita. Sekunde nne ni watu 15 kwa dakika kwa kila mhudumu, wawili ni 30. Watu 600 wanahitaji dakika 20. Mapumziko ya chai ni dakika 15. Kengele ikilia wameshapita 450, na 150 bado wako nje. Mwenyekiti wa kikao anasema kwa kipaza sauti, tafadhali ingieni tuanze. Mhudumu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo aliyeajiriwa kwa siku tatu, anamwona profesa amekunja uso, anashusha simu na kusema, "Piteni tu wazee, piteni."

Basi, kumbukumbu za watu 150 zimekufa hapo. Jioni wanaanza kupiga simu sekretarieti, na sekretarieti kwa huruma inawapa wote pointi. Ukishawapa 150 kwa huruma, wale 450 uliwaskani kwa ajili gani?

Jibu la foleni ni wahudumu wanne badala ya wawili. Watu 60 kwa dakika, dakika kumi wote ndani. Kama kuna bajeti ya mikoba yenye nembo ambayo nusu yake inaishia kubebea vitunguu sokoni, kuna bajeti ya vijana wawili zaidi mlangoni. Au tumieni beji zenye chipu ya NFC, ambayo mtu anaigusisha kwenye mashine iliyo mezani, kama anavyogusisha kadi ya benki dukani. Hakuna kamera ya kutafuta mwanga, kila mtu anachukua sekunde moja na nusu hivi. Mashine mbili zinapitisha watu 80 kwa dakika.

Mambo madogo ya beji nayo yanakula sekunde. Beji ya kamba moja hugeuka kifuani, na kila mara hugeukia upande usio na kitu. Chapeni QR pande zote mbili. Msiifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu taa za ukumbini zinarudi kwenye kamera na mhudumu anabaki kuinamisha simu huku na huku kama mtu anayetafuta mtandao kijijini. Na QR iwe na ukubwa wa kuonekana, sentimita tatu kila upande, isiwe kijistempu kilichobanwa pembeni baada ya nembo za wadhamini kuchukua nafasi yote.

Upande wa kutoka una foleni ya aina yake. Wanaoingia huja mmoja mmoja, lakini wanaotoka hutoka wote pamoja, tena wana njaa. Hapo hakuna mhudumu atakayewazuia kwa maneno. Fungueni milango yote, na kila mlango uwe na mashine yake. Kisha wekeni meza ya chakula mbele ya mashine. Mtu anayeelekea kwenye wali na samaki ataigusisha beji yake bila kuambiwa mara mbili. Ukiziweka mashine ukutani, kushoto kwa mlango, na chakula kulia, utapata nusu ya watu.

Jibu la pili la waandaaji ni teknolojia. Wanasema tungojee ile milango ya kisasa inayosoma beji yenyewe mtu akipita, hakuna kuskani, hakuna foleni. Ipo, tunaijua. Inatumia mawimbi ya redio yanayosoma chipu kutoka umbali wa mita kadhaa. Shida ni kwamba mwili wa mtu umejaa maji, na maji huyameza mawimbi hayo. Beji iliyobanwa kifuani chini ya koti, au iliyozibwa na mtu wa mbele, inaweza isisomwe kabisa. Wakati huohuo yule aliyesimama nje ya mlango na kikombe cha chai, akipiga soga kuhusu ligi, anaweza kusomwa kwamba ameingia. Inakuonyesha vizuri ukumbi upi umejaa na upi ni mtupu. Kwa kumpa au kumnyima mtu pointi ya leseni, haifai peke yake.

Jibu la tatu ni lile la kwamba washiriki ni watu wazima na wasomi, si watoto wa shule wa kuitiwa majina. Vizuri. Basi mtueleze habari ya mtu mmoja anayefika mlangoni na beji sita mkononi.

Anakuwapo kila mkutano. Wenzake wako kwenye bwawa la kuogelea, au kama mkutano uko Arusha wameshavuka Karatu wanaelekea Ngorongoro, na kama uko Mombasa au Zanzibar hatuna haja ya kusema walipo. Yeye ndiye mwakilishi. Anampa mhudumu beji moja baada ya nyingine, "Hawa wanakuja nyuma yangu." Mhudumu anaskani zote.

Mtu huyu anaonekana waziwazi kwenye kumbukumbu, ila hakuna anayezisoma. Beji sita zimeskaniwa na mashine moja, zikifuatana kwa sekunde mbili mbili, wakati mtu wa kawaida anachukua sekunde nne. Angalia kikao kinachofuata: beji zilezile sita, zimefuatana tena. Na siku ya pili, mara tano. Watu sita marafiki wanaweza kuongozana mara moja, hata mara mbili. Lakini kufuatana mara saba kwa mwendo wa sekunde mbili, hizo ni beji zilizo kwenye mkono mmoja. Dalili nyingine ni beji iliyosomwa Ukumbi A saa 4:03 na Ukumbi B saa 4:04, bila kutoka A. Hata ukiwa mkimbiaji.

Kuna ujanja mwingine unaolenga hasa kuskani kwa kutoka, na tunausema hapa ili asije mtu akatuletea kama hoja. Mshiriki anaingia, anaskaniwa, anamwachia rafiki beji, anatoka bila beji. Rafiki anaitoa saa 5:30 pamoja na yake. Kwenye karatasi, huyu alikaa dakika zote. Ndiyo maana mhudumu hapaswi kuondoka mlangoni mada ikianza. Anayetoka katikati ya kipindi hutoka peke yake, hakuna msongamano, na swali ni moja tu: beji yako iko wapi? Mahali pengi wahudumu wote wanakwenda kunywa chai dakika kumi baada ya mada kuanza, na hapo ndipo watoro nao wanapotoka.

Na skana ionyeshe picha ya mwenye beji kwenye kioo, picha ileile aliyoituma wakati wa kujisajili. Mhudumu anatupa jicho kwenye kioo, anatupa jicho kwenye uso. Ni sekunde moja zaidi, na inamaliza biashara ya beji sita.

Kuna kosa jingine ambalo halina mjanja, ni uzembe tu, nalo ni saa. Ukikokotoa dakika, saa za mashine zote lazima zilingane. Mashine ya mlango wa kuingilia ikiwa mbele dakika nane kuliko ya kutokea, kila mtu amepoteza dakika nane kabla hajakaa. Mbaya zaidi ni mashine inayoandika saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kipindi cha saa nne asubuhi, ambacho kwenye ratiba kimeandikwa 10:00, kinatokea kwenye jedwali kama 07:00. Kompyuta inatafuta waliokuwapo saa 10:00, haioni mtu, inatoa sifuri kwa ukumbi mzima. Na ukimpa jedwali hilo katibu muhtasi anayesoma saa kwa Kiswahili, sasa mna saa tatu tofauti za tukio moja.

Kipimo chake ni dakika tano asubuhi kabla ya milango kufunguliwa. Chukua beji moja ya majaribio, iskani kwenye mashine zote ndani ya dakika moja, halafu fungua kumbukumbu. Zote zikionyesha dakika ileile, endeleeni. Moja ikionyesha kitu kingine, irekebishe sasa hivi. Ukigundua Ijumaa itakuwa kilio.

Wakati huohuo zima intaneti uone mashine zinafanyaje. Watu 600 wenye simu ndani ya ukumbi mmoja huumaliza mtandao. Mashine inayotaka kuuliza seva kila beji inapopita itakwama katikati ya foleni. Inayofaa ni ile iliyopakua orodha ya washiriki asubuhi, inayoandika kila kitu ndani yake, na kupeleka baadaye mtandao ukirudi. Aliyejisajili saa tatu, orodha ikiwa imeshapakuliwa, atatokea kama beji isiyojulikana. Asirudishwe. Namba yake iandikwe, itaoanishwa na jina jioni.

Namba, tumesema. Ndani ya QR iwemo namba tu. Kuna mikutano inayoweka humo jina kamili, namba ya simu, anwani ya barua pepe na mwajiri, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma hayo akiwa nyuma yako kwenye foleni ya chai. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mshiriki aambiwe wakati wa kujisajili kwamba mlangoni atarekodiwa, kwa ajili gani, na nani ataona. Orodha ya waliohudhuria mada ya dawa fulani isiishie kwa mdhamini anayeuza dawa hiyo, halafu Jumatatu daktari anapigiwa simu na muuzaji anayejua alikaa dakika ngapi.

Kasoro zitabaki. Kuna atakayesahau kuskani wakati wa kutoka, kwa sababu taa zilizimika au alikuwa anamsaidia mzee kushuka ngazi. Msimpe sifuri, na msimpe zote kimyakimya. Mtumieni kila mshiriki ujumbe mfupi jioni ileile: leo tumekuona vipindi vinne, dakika kadhaa kila kimoja, kipindi cha pili hakina rekodi ya kutoka. Una hadi kesho saa sita mchana kusahihisha kwenye meza ya usajili. Usiku ule mtu anakumbuka alikaa na nani na mwasilishaji alisema nini. Miezi mitatu baadaye, leseni inapokaribia kuisha, kila mtu alikuwa kiti cha mbele.

Tumefika kwenye jambo lenyewe ambalo kamati za maandalizi hazilisemi kwa sauti. Hazitaki kujua. Mkutano unaishi kwa ada ya kujisajili, na sehemu kubwa ya wanaolipa wanalipia pointi pamoja na safari, mada ni nyongeza. Wakijua dakika zitahesabiwa kweli, watu fulani hawatakuja mwakani, na hoteli imeshalipiwa malipo ya awali. Kwa hiyo skana inawekwa mlangoni kama askari wa kuchonga: inaonekana, inalia, haimkamati mtu. Ushahidi wa hili unao kwenye mkoba wako. Fungua siku ya kwanza asubuhi, mara tu baada ya kusajiliwa. Chini ya kalamu na daftari kuna cheti, jina lako limeshachapwa, pointi zote za siku tatu zimeshaandikwa, na sahihi ya mwenyekiti iko chini. Mada ya kwanza haijaanza.

Cheti hicho kikiwa tayari kwenye mkoba, mashine zote tulizozitaja hapa ni mapambo. Kwa hiyo kabla ya kununua skana hata moja, kamati zianze na lililo bure: vyeti vitoke kwenye mkoba. Vichapwe siku ya mwisho baada ya kipindi cha mwisho kufungwa, kila kimoja kikiwa na saa zilizohesabiwa mlangoni, si saa za ratiba. Mwenye saa 11 apate cheti cha saa 11, mwenye saa 18 cha saa 18. Mwenye dakika 18 apewe kalamu yake na daftari, na picha za Ngorongoro anazo kwenye simu.